Ni Mara ya Ngapi?

Alifika ofisini kwetu saa tatu asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje na kupakata bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na kadi ya NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na vivuli vya PF3 mbili, fomu ya polisi ya matibabu, vilivyokunjwa mara nne. Nitamwita Mama Rehema. Si jina lake, na yale ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadili. Anauza vitumbua Vingunguti, hapa Dar es Salaam, mumewe ni dalali wa mazao pale Buguruni. Nilipomsalimia, alijibu kwa sauti ya kukwaruza kama mtu mwenye mafua mazito, nami nikadhani kweli ni mafua.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu kubwa ni kumsindikiza mtu aliyepigwa, kujeruhiwa au kubakwa kutoka dirisha hadi dirisha: serikali ya mtaa, Dawati la Jinsia na Watoto, hospitali, ustawi wa jamii, mahakama. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii, swali nililolisikia likiulizwa kwanza kwenye karibu kila dirisha ni moja: “Kwani ulimfanyia nini?” Mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya. Mjumbe anatafuta suluhu, afande anataka kujua chanzo, na shangazi anataka ndoa isivunjike. Hata hivyo, swali hilo lina madhara, na madhara yake hayaishii kwenye kumuumiza mtu moyo.

Swali hilo lina jina na historia katika taaluma inayoitwa viktimolojia, yaani elimu ya waathirika wa uhalifu. Mwaka 1958 mtaalamu wa jinai wa Marekani, Marvin Wolfgang, alichapisha uchunguzi wake wa mauaji 588 yaliyotokea Philadelphia kati ya 1948 na 1952. Alitaka kujua ni katika matukio mangapi aliyekufa ndiye aliyeanza. Alipata 150, karibu robo ya yote. Tangu hapo wanataaluma wamekuwa wakizungumzia mchango wa mwathirika katika kuanzisha tukio, na wazo hilo limesambaa hadi kwenye vijiwe, kanisani, msikitini na vituoni, ingawa watu hawalijui kwa jina.

Lakini ukimrudia Wolfgang mwenyewe utaona kipimo chake kilikuwa chembamba sana. Kuanza, kwake, ni kuwa wa kwanza kupiga au wa kwanza kuchomoa silaha dhidi ya yule ambaye mwishowe alikuua. Kujibu vibaya hakumo, wala kuchelewa kurudi nyumbani, kuvaa hivi au vile, au kunyimana unyumba. Kipimo chake hakikuwatia hatiani wanawake pia. Katika mafaili yake kulikuwa na waume 47 waliouawa na wake zao, na 28 kati yao ndio waliokuwa wa kwanza kupiga au kushika silaha. Wake waliouawa na waume zao walikuwa 53, na walioanza walikuwa watano tu. Kwa hiyo dhana tunayoitumia leo kumuuliza mke alimfanyia nini mumewe, ilipopimwa mara ya kwanza ilionyesha zaidi waume walioanza kupiga, na wake zao wakajibu.

Aliyeichafua ni mwanafunzi wake, Menachem Amir. Mwaka 1971 alichapisha utafiti wa kesi 646 za ubakaji wa mji huohuo, akadai asilimia 19 zilichangiwa na mwathirika. Safari hii kipimo hakikuwa tena nani alipiga kwanza. Kilikuwa pombe aliyokunywa mwanamke, sifa yake mtaani, na kama mbakaji alielewa kwamba kakubaliwa. Kwa maneno mengine, tafsiri ya mshambuliaji ndiyo iliyogeuzwa ushahidi. Wakosoaji walimjia juu mapema, na walikuwa sahihi. Mimi ninaona “ulimfanyia nini” ya mitaani kwetu ni ya Amir, si ya Wolfgang.

Sasa nirudi kwa Mama Rehema, maana kwake ndipo nilipoielewa vizuri hitilafu yenyewe.

Nilimwomba anieleze usiku mmoja mmoja, nami nikaandika kwenye kaunta buku. Usiku wa kwanza ulikuwa Jumamosi. Mumewe alikuja na wageni wawili, akataka chakula, mke akasema mbele yao kwamba hela ya mboga haikuachwa. Wageni walipoondoka alipigwa makofi, kisha akasukumwa kwenye jiko la mkaa, na mpini wa sufuria ya moto ukamwachia alama kwenye mkono wa kushoto. Asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaulizwa alimjibu nini mumewe. Alipofika kituoni alipewa RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, na PF3, zahanati wakamfunga kidonda na kuijaza fomu. Siku mbili baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa, mume akaomba msamaha, yeye akaambiwa awe na kauli nzuri mbele za watu, na jalada likalala.

Usiku wa pili ulikuwa Jumatano, siku 18 baadaye. Alipigwa ngumi, jino likalegea. Alikwenda kituo kilekile, lakini zamu ilikuwa nyingine. RB ikawa mpya, PF3 mpya, na maelezo yakaanzia Jumatano hiyo kama vile Jumamosi haikuwepo. Akapelekwa tena kwenye suluhu.

Usiku wa tatu ulikuwa Alhamisi, siku nane baada ya ule wa pili. Mumewe aliingia akifoka, na alipomsogelea, Mama Rehema alikuwa ameshika mwiko. Akampiga nao begani. Mume akamkaba shingo ukutani hadi, kwa maneno yake mwenyewe, “taa ikazima”. Alipozinduka alikuwa sakafuni, kanga imelowa. Alifika kituoni na shingo isiyo na jeraha lolote la kuonekana, mume naye akiwa na uvimbe begani na shahidi aliyeona mwiko. Akaambiwa: “Dada, safari hii wewe ndiye uliyeanza.” Hakupewa PF3. Ndipo akaletwa kwetu na jirani yake.

Lisome tukio la Alhamisi peke yake, nawe utaona askari wa zamu hakutunga jambo. Hata kwa kipimo chembamba cha Wolfgang, aliyepiga kwanza ni Mama Rehema. Kosa liko kwenye mahali alipoanzia kuhesabu. Dhana ya mchango wa mwathirika hukata kipande cha usiku mmoja na kuuliza nani aliinua mkono mbele. Mwanamke aliyechomwa Jumamosi na kulegezwa jino Jumatano hawezi kuusubiri mkono wa tatu uinuke ndipo ajue unakuja. Mwili wake umeshajua. Ukiziweka siku zote tatu kwenye ukurasa mmoja, mwiko ule unageuka kuwa kitendo cha mwisho cha mtu anayejikinga.

Hapo ndipo tawi jingine la viktimolojia linapotufaa, nalo ni lile linalochunguza watu wanaodhurika kwa kurudiwa. Lilianza na wizi wa majumbani. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mtaa wa Kirkholt karibu na Manchester, Ken Pease na wenzake waliona kwamba nyumba iliyoibiwa mara moja ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuibiwa tena kuliko jirani ambaye hajaibiwa kamwe. Badala ya kuulinda mtaa mzima, wakazilinda nyumba zilizokwisha kuibiwa, na wizi ukashuka sana.

Pease na wenzake walipohamia kwenye ukatili wa majumbani huko Merseyside, mapema miaka ya 1990, takwimu zilitisha zaidi. Kati ya nyumba zilizoita polisi mara ya kwanza, asilimia 35 ziliita tena ndani ya wiki tano. Kati ya zilizoita mara ya pili, asilimia 45 ziliita mara ya tatu ndani ya wiki tano nyingine. Hizo ni simu za polisi wa Uingereza, na sitazibandika Vingunguti kana kwamba tumehesabu sisi. Kwetu wengi hawaripoti kabisa mara ya kwanza. Ninachokichukua ni umbo la jambo lenyewe: hatari hupanda juu mara tu baada ya tukio, kisha hushuka polepole kadiri siku zinavyopita. Siku zile mbili tatu ambazo sisi tunaziita za kupoza hasira, za kuwasubiri wazee wa upande wa mume watoke mkoani, ndizo siku mbaya kuliko zote.

Kwa nini hurudiwa? Wataalamu wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba kuna jambo la kudumu linalomvuta mshambuliaji, kama nyumba yenye mlango mbovu inayomvutia kila mwizi apitaye. La pili ni kwamba tukio la kwanza lenyewe linazaa la pili, kwa sababu mshambuliaji amejifunza kitu. Mwizi kajua dirisha lipi halina nondo. Mume naye kajua kwamba akimchoma mkewe kwa jiko, gharama yake ni kikao, chai, na kuomba msamaha mbele ya mjomba. Suluhu ya kwanza ya Mama Rehema ilimpa mumewe bei ya kupiga, na ya pili ikathibitisha kwamba bei haijapanda. Ukizitazama zile siku 18 kisha nane, utaona pengo linavyosinyaa. Hiyo ni dalili ambayo mtu yeyote anayeweza kutoa hesabu ya tarehe anaweza kuiona, mradi tarehe zenyewe ziko mahali pamoja.

Na kulikuwa na dalili nyingine ambayo mimi mwenyewe nilikaribia kuipita. Ile sauti haikuwa mafua. Kukabwa shingo mara nyingi hakuachi alama ngozini, hasa siku ya kwanza, lakini kunaacha sauti ya kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, vidoa vidogo vyekundu kwenye weupe wa macho au nyuma ya masikio, na kumbukumbu iliyokatika. Kujikojolea kunaonyesha kwamba ubongo ulikosa hewa kiasi cha kupoteza fahamu. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, amefanya kazi miongo mingi kuchunguza wanawake waliouawa na wapenzi wao na kuwalinganisha na waliopigwa wakabaki hai. Kukabwa ni miongoni mwa mambo yanayowatofautisha waziwazi. Mengine ni vitisho vya kuua, silaha ndani ya nyumba, na mwanamke kuwa ameondoka au ametangaza kuondoka.

Tukipima kwa kidonda, usiku wa Jumamosi ulikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu ulikuwa na alama ya moto. Wa Alhamisi ulikuwa mwepesi kiasi cha kunyimwa fomu. Kwa mfululizo mambo yanageuka kabisa: Alhamisi ndiyo siku aliyokaribia kufa. PF3 ni karatasi ya kidonda. Daktari anaandika alichokiona na chombo ambacho huenda kilitumika, na kesi nyingi za shambulio husimama au kuanguka kwa maandishi hayo. Lakini PF3 ya mara ya tatu haijui habari za zile mbili zilizoitangulia, isipokuwa mtu aziambatanishe kwa mkono wake.

Tulikwenda Hospitali ya Amana. Pale kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambacho kimeanzishwa ili mtu aliyefanyiwa ukatili asizungushwe: matibabu, polisi, ushauri nasaha na ustawi wa jamii vikutane mahali pamoja. Kwa aliyebakwa, mpango huo ni suala la saa, maana dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea kwenye foleni inapunguza nguvu yake. Kwa aliyejeruhiwa vibaya, matibabu ya dharura hutangulia na PF3 hufuata. Mtu asiambiwe akafie kituoni akiitafuta fomu. Daktari aliyempokea Mama Rehema alimmulika machoni kwa tochi ndogo, akamwambia ameze mate, akagusa koo pande zote mbili, kisha akauliza kama alijikojolea. Mama Rehema alinitazama kwanza, halafu akajibu ndiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na kwa aibu asingelisema mwenyewe. Likaandikwa kwenye PF3 ambayo hatimaye ilipatikana kupitia askari wa kituo hicho.

Yule askari wa dawati alifanya jambo ambalo natamani liwe kanuni. Alichukua karatasi nyeupe, akaandika RB zote tatu moja chini ya nyingine, pamoja na tarehe, zahanati na jina la aliyesuluhisha. Akaipini mbele ya jalada. Kisha akamuuliza Mama Rehema: “Amewahi kukuambia atakuua? Umemwambia unaondoka? Funguo za chumba anazo nani?” Kwa karatasi ile moja, mwiko ulipata maana nyingine. Wakili wa serikali anayesoma jalada la namna hiyo hawezi tena kuona wanandoa waliogombana usiku mmoja.

Nchi yetu haijakosa sheria ya kusimamia hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kanuni ya Adhabu inaruhusu hasira ya ghafla ipunguze kosa la mauaji ya kukusudia kuwa la kuua bila kukusudia, lakini inataka uchokozi uwe wa ghafla kweli, na kitendo kifanyike kabla damu haijapoa. Sentensi ya mke kuhusu hela ya mboga haifiki huko, na mwenye kupiga baada ya kuwasindikiza wageni hadi barabarani ameshapata muda wa kupoa. Wanaotuliza mambo mtaani hulegeza kipimo hiki mpaka kila neno la mwanamke linakuwa uchokozi.

Nisimfiche msomaji kwamba ukurasa mmoja wenye RB tatu haumlishi mtu. Mume alipokamatwa, kodi ya chumba ilikuwa imebaki wiki tatu. Nyumba salama za jiji hili ni chache na nafasi huisha haraka, na mtaji wa vitumbua ulikuwa umekwenda kwenye nauli na dawa. Mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, lakini amri hiyo hufuata hukumu, nayo hutegemea mfuko wa mtu ambaye huenda amefungwa. Mfuko wa jumla wa serikali unaofidia waliojeruhiwa kwa jinai hatuna. Kesi nyingi za namna hii hufa hapo: shahidi mkuu haonekani mahakamani siku ya tatu ya kuahirishwa, kwa sababu kuja Kinyerezi au Kisutu ni kupoteza mauzo ya siku nzima. Wapo wanaosema amekubali yaishe. Mimi nimeona wengi ambao hawakukubali chochote, walikosa nauli.

Kuna jaribio moja la Leeds, Uingereza, ambalo ninalifikiria kila ninapopita kwenye dawati. Mwaka 1997 polisi wa eneo la Killingbeck waliamua kwamba kila tukio la kurudia kwenye nyumba ileile litapata hatua nzito kuliko la kwanza. Mara ya kwanza barua kwa pande zote mbili, ya mume ikimwonya kwamba anajulikana. Ikirudia, askari anatembelea nyumba, doria inapitishwa, na majirani wawili watatu, kwa ridhaa ya mwathirika, wanaombwa wapige simu wakisikia kelele. Ikirudia tena, hatua zinaongezwa. Simu za kurudia zilipungua na mapengo kati yake yakarefuka. Hapa Dar hatuhitaji mitambo ili kufanya hivyo. Tunaye mkaguzi wa polisi wa kata, tunaye mjumbe, tuna majirani ambao kuta zao zimeshikana na za Mama Rehema kiasi kwamba walisikia nyakati zote tatu. Kinachokosekana ni mtu mwenye jukumu la kujua kwamba hii ni ya pili, na agizo linalosema ya pili haipelekwi tena kwenye suluhu.

Ningeanzia hapo, kwa ukurasa wa mbele wa jalada wenye maswali manne tu: ni mara ya ngapi, ya mwisho ilikuwa lini, amewahi kukukaba, na umemwambia unaondoka. Swali la nani alianza lina nafasi yake, kwenye utetezi na mahakamani, ambako linajibiwa kwa ushahidi na kwa kiapo. Dirishani, usiku, likiulizwa mbele ya mtu anayetetemeka, linamfundisha kutorudi. Na asiporudi, takwimu zetu zitaandika kwamba lilikuwa tukio moja.

Mama Rehema alihamia kwa dada yake Mbagala kesi ikiwa bado inasikilizwa. Kabla hajaondoka nilimsomea nilichokuwa nimeandika kwenye kaunta buku ili ahakikishe tarehe: Jumamosi, Jumatano, Alhamisi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kidole kwenye mstari wa juu kabisa palipoandikwa mara ya kwanza.

“Hii ni ya kwanza kuripoti,” akasema. “Zile za kabla yake nazo unataka?”

Nikafungua ukurasa mpya. Alianza kwenye mfungo wa mwaka uliotangulia, akahesabu kwa vidole, na tulipofika saa saba mchana zilikuwa kumi na moja.